Kriatini na utumbo: ukiacha kuharisha, inafanya nini humo ndani?

Wadau, kila ikija mada ya unga wa kriatini, wabeba vyuma wanagawanyika pande mbili. Mmoja anasema "ule unga uliniendesha siku nzima, ni sumu". Mwingine anasema "mimi natumia mwaka wa pili sasa na tumbo liko poa". Siku hizi limeongezeka kundi la tatu, na ndilo lililonifanya niandike. Wapo wanaosema kriatini inatoboa utumbo na kuua bakteria wazuri, na wapo wanaosema kinyume kabisa, kwamba inaponya utumbo ulioumia. Hawawezi kuwa sahihi wote, si ndio?

Makala ni ndefu kidogo. Kama muda wako wa kafe unakaribia kuisha, soma jibu fupi hapa, mengine weka kwenye flashi ukasome baadaye.

JIBU FUPI

1. Kuharisha baada ya dozi kubwa kunatokana na unga kuvuta maji ndani ya utumbo. Si dalili kwamba utumbo umetoboka.

2. Seli zinazofunika ukuta wa ndani wa utumbo zenyewe zinatumia kriatini kama nishati ya dharura. Panya wasioweza kuitengeneza wanaumia vibaya utumbo ukishambuliwa, na wakipewa kriatini wanahimili.

3. Hayo ni ya panya. Kwa binadamu kriatini si tiba ya ugonjwa wowote wa utumbo mpaka majaribio makubwa yathibitishe hivyo.

4. Bakteria wa tumboni wapo wanaoweza kula kriatini, na hilo limeandikwa tangu mwaka 1912. Lakini dozi ndogo inanyonywa mapema kabla sehemu kubwa haijawafikia.

Sasa twende moja moja.

KRIATINI INAINGIAJE MWILINI

Kriatini si dawa iliyobuniwa kiwandani tu. Mwili wako unaitengeneza kila siku, kama gramu 1 hivi. Kazi inaanzia hasa kwenye figo, ambako vipande viwili vya protini, yaani ajinini na glaisini, vinaunganishwa, kisha ini linamalizia. Anayekula nyama na samaki anapata kama gramu 1 nyingine kwenye chakula. Asiyekula nyama anategemea zaidi ile ya mwili wake. Kiasi cha asilimia 95 ya kriatini yote inakaa kwenye misuli, na ndiyo maana wabeba vyuma wanaipenda.

Hapa watu wanachanganya majina mawili. Kriatini ndiyo yenye kazi. Kriatinini, yenye "ni" moja zaidi mwishoni, ni mabaki yake yanayotoka kwa mkojo. Ukipimwa figo hospitali wanaangalia hiyo ya pili. Ukiwa unatumia unga inaweza kupanda kidogo bila figo kuwa na tatizo, kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba unautumia.

Unga ukishuka tumboni hauharibiwi sana na asidi. Unaingia utumbo mwembamba, na huko kuna mlango maalumu kwenye seli, protini ambayo kazi yake ni kubeba kriatini na kuiingiza ndani. Tuuite mlango wa kriatini, maana tutaurudia. Ule wa kwenye seli una kikomo. Ukileta mzigo mdogo unapita vizuri. Ukimwaga mzigo mkubwa kwa mpigo, sehemu ya mzigo inabaki nje ikisubiri, na inasukumwa kuelekea utumbo mpana.

TUMALIZE KWANZA LA KUHARISHA

Hili si lengo la makala, lakini lisipoeleweka tutachanganya kuharisha na utumbo kuharibika.

Kriatini ya kawaida haiyeyuki kirahisi. Kwenye maji ya joto la chumbani, lita 1 inayeyusha kama gramu 14 tu. Chukua jamaa anayeanza kwa mtindo wa kujaza, yaani gramu 20 kwa siku, lakini badala ya kuzigawa anazitia zote kwenye glasi moja ya mililita 300. Kwenye glasi hiyo zinayeyuka gramu 4 hivi. Gramu 16 zinazobaki ni mchanga. Anakoroga, anakunywa haraka, mchanga wote unaenda chini.

Ndani ya utumbo, kitu kilichoyeyuka ambacho hakijanyonywa kinashikilia maji. Ukipiga hesabu, gramu 10 za unga huu zikibaki zote ndani ya utumbo zingeweza kushikilia mililita 230 hivi za maji, karibu glasi nzima. Kwa kweli hazibaki zote, nyingi zinanyonywa. Lakini hata robo yake ikifika utumbo mpana, pamoja na gesi na msukosuko, unaelewa kwa nini jamaa anakimbilia chooni.

Kuna jaribio zuri la Ostojic na mwenzake la mwaka 2008. Walichukua wachezaji soka wanaume 59 na kuwafuatilia siku 28. Kundi la kwanza lilipewa gramu 10 kwa siku zikiwa zimegawanywa mara mbili, gramu 5 na 5. Kundi la pili likapewa gramu 10 hizohizo kwa mkupuo mmoja. Kundi la tatu lilipewa unga bandia usio na kriatini. Walioharisha kwenye mkupuo mmoja walikuwa asilimia 55.6. Kwenye dozi iliyogawanywa walikuwa asilimia 28.6. Na kwenye unga bandia? Asilimia 35.

Soma tena hiyo ya mwisho. Wasiokunywa kriatini kabisa waliharisha kama wale wa dozi iliyogawanywa, hata kuwazidi kidogo. Maana yake ni kwamba katika mwezi mmoja wachezaji wengi wanaharisha kwa sababu zao nyingine, na ni ule mkupuo mkubwa ndio uliowazidisha. Kama unga ungekuwa unachubua utumbo, hata ile iliyogawanywa ingewaumiza, maana jumla ya siku ni ileile.

UKUTA WA UTUMBO UNAVYOJISHIKILIA

Sasa tuingie ndani. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli. Moja! Upande mmoja kuna chakula, kinyesi na mabilioni ya bakteria, na upande wa pili kuna damu yako. Seli hizi zinazeeka haraka na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Zimebanana bega kwa bega, na kati yao kuna mishono inayozuia vitu visipenye ovyo.

Mshono huo si gundi iliyokauka. Ndani ya kila seli kuna mkanda wa nyuzi uliozunguka kiuno chake, na mkanda huo unavutwa na kulegezwa muda wote ili seli zibaki zimeshikana. Kuvuta kunahitaji nishati. Nishati ya seli inaitwa ATP. Tuifananishe na chenji ya dukani: inatumika papo hapo, inaisha haraka, na inatakiwa irudishwe haraka. Inatengenezwa kwa wingi kwenye vinu vya seli vinavyoitwa mitokondria, tuseme benki. Kriatini ni kijana wa kukimbia kati ya benki na duka. Anachukua nishati benki, anaifikisha pale mshono ulipo, na chenji inarudi kabla mteja hajaondoka. Kinachomkabidhi na kumpokea mzigo ni kimeng'enya kinachoitwa kinasi ya kriatini. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kemikali mwilini.

Kwenye misuli mfumo huu ni habari ya zamani, hata wauza unga wanaujua. Ulichokuwa hausikiki ni kwamba utumbo nao unautumia. Mwaka 2013 kundi la Sean Colgan wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, likiongozwa katika kazi hiyo na Louise Glover, lilionyesha kwamba vimeng'enya hivi vipo kwenye seli za ukuta wa utumbo, tena vimekaa jirani na ile mishono. Walipowapa panya kriatini kwenye lishe, kisha wakawasababishia utumbo mpana kuvimba kwa kemikali, panya hao waliumia kidogo kuliko wasiopewa.

Colgan na wenzake wana sababu ya kulichimba hili. Utumbo mpana ni sehemu yenye oksijeni kidogo sana kwenye uso wake. Seli iliyo kwenye oksijeni kidogo inawasha protini ya tahadhari inayoitwa HIF, na HIF ndiyo inayoamrisha vimeng'enya vya kriatini vitengenezwe. Yaani kule ambako hewa ni haba, seli imejiwekea jenereta. Likumbuke hili la HIF, tutakutana nalo kwa bakteria.

KESI YENYEWE: PANYA WA TEXAS

Kazi iliyonishawishi zaidi ilitoka mwaka 2017 Dallas, Texas, kwenye maabara ya Bruce Beutler, yule aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 2011. Aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi ni Emre Turer. Nitaieleza kwa hatua kwa sababu inaonyesha jinsi jambo linavyothibitishwa.

Hawakuanza kwa kutafuta kriatini. Walitaka kujua ni jeni zipi zinalinda utumbo. Wakachukua panya dume, wakavuruga jeni zao kwa kemikali bila kuchagua jeni ipi, halafu wakazalisha wajukuu. Kila mjukuu akawa na makosa yake ya kijeni tofauti. Wakawapima zaidi ya panya 36,000.

Kipimo kilikuwa hivi. Kwenye maji ya kunywa walitia kemikali inayoitwa DSS, ambayo inachubua ukuta wa utumbo mpana. Kwa dozi ndogo panya mzima anavumilia, anajiziba na kuendelea na maisha. Panya mwenye jeni mbovu ya ulinzi anashindwa, anaharisha na kupungua uzito haraka. Kwa hiyo waliwapima uzito, na aliyeporomoka wakamchunguza jeni.

Zilipatikana sehemu 27 za jeni zilizohusika. Mojawapo ilikuwa jeni inayoitwa Gatm. Na Gatm ni nini? Ndiyo jeni ya kimeng'enya kinachofanya ile hatua ya kwanza ya kutengeneza kriatini, ya kuunganisha ajinini na glaisini. Kumbe panya waliokuwa wanaporomoka ni panya wasioweza kutengeneza kriatini ya kutosha.

Hapo mtu anaweza kusema labda jeni hiyo ina kazi nyingine, labda kriatini haihusiki. Kwa hiyo wakafanya jambo rahisi sana: waliwapa panya haohao kriatini ya kula. Ulinzi ukarudi. Jeni ilibaki mbovu vilevile, kilichobadilika ni kriatini tu. Walipoangalia seli za utumbo mpana za wale wasiopewa, walikuta zimepungukiwa ATP na ziko kwenye hali ya dhiki ya nishati. Hitimisho lao ni kwamba baada ya jeraha, seli za utumbo mpana zinahitaji kurudishiwa ATP haraka ili ukuta usimame, na kriatini ndiyo inayowezesha hiyo haraka.

Kwa hiyo wale wanaosema kriatini inatoboa utumbo, ushahidi unawapinga. Kinachoulegeza utumbo katika kazi hii ni kukosa kriatini.

KWA NINI HUWEZI KURUKA KUTOKA PANYA KWENDA KWA MGONJWA

Hapa ndipo wauza makopo wanapochukua habari nusu. Mambo matatu yanazuia.

La kwanza, panya wa Texas walikuwa na upungufu wa kuzaliwa nao. Ukimpa maji mwenye kiu unamwokoa. Ukimpa maji aliyekwisha kunywa, unamjaza tumbo tu. Kijana mzima anayekula dagaa na maharage, mwenye figo na ini zinazofanya kazi, hana upungufu wa aina hiyo. Kwamba kukosa kitu kunadhuru haithibitishi kwamba kukizidisha kunaongeza ulinzi. Ni kweli panya wa Colorado hawakuwa na upungufu huo na bado walisaidika, lakini nao walikuwa panya, na jeraha lao lilikuwa la kemikali ya siku chache. Si ugonjwa wa miaka.

La pili ni ule mlango. Mwaka 2020 kundi la Colgan, safari hii Caroline Hall akitangulia, liliangalia vipande vya utumbo mpana vya watu wenye magonjwa ya muda mrefu ya utumbo kuvimba. Haya ni ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, ambao mtu anaharisha damu kwa vipindi miaka na miaka. Wakakuta mlango wa kriatini umepungua kwa wagonjwa hao. Na kwenye seli za maabara, walipoupunguza mlango huo makusudi, mishono ililegea na kuvuja.

Fikiria maana yake. Kama tatizo la mgonjwa ni kwamba milango ni michache, kumwongezea unga ni sawa na kupeleka malori zaidi kwenye ghala lenye mlango mmoja. Mizigo inarundikana nje. Inawezekana kidogo kingepita zaidi, inawezekana kisipite. Panya hawajajibu swali hilo.

La tatu, ushahidi wa binadamu ni mwembamba. Mwaka 2016 madaktari waliripoti mgonjwa mmoja wa Crohn aliyepata nafuu baada ya kuanza kriatini, na kamera ya utumbo ikaonyesha hali imeboreka. Mgonjwa mmoja! Ugonjwa wa Crohn una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kutuambia kama ni unga au ni zamu ya ugonjwa kutulia. Mwaka 2021 Theo Wallimann wa Zurich, mmoja wa watafiti wakongwe wa kriatini, na wenzake waliandika makala ya kueleza kwa nini jaribio la kweli kwa wagonjwa linafaa kufanyika. Ona walichoomba: jaribio. Hawakuandika kwamba wagonjwa waanze kujipakulia.

Na kuna upande wa pili wa shilingi. Mwaka huohuo wa 2021 watafiti waliripoti kwamba kwa panya waliokuwa tayari na saratani ya utumbo mpana, kriatini iliisaidia saratani kusambaa. Nao ni panya vilevile, haimaanishi kriatini inaleta saratani kwa mtu mzima. Lakini inaeleweka: chombo kinacholeta nishati haraka hakichagui seli nzuri na mbaya. Mwenye uvimbe au historia ya saratani ya utumbo asijitibu kwa kopo la jimu.

BAKTERIA NAO?

Tuhuma ya "inaua bakteria wazuri" ina umri mdogo, lakini habari ya bakteria na kriatini ni ya zamani kuliko babu zetu wengi. Mwaka 1912 Waingereza wawili, Frederick Twort na Edward Mellanby, walitoa kutoka kwenye utumbo bakteria wanaoharibu kriatini. Twort baadaye akajulikana kwa virusi vinavyoshambulia bakteria, na Mellanby kwa kazi yake ya ugonjwa wa matege. Walichoonyesha ni kwamba kwa baadhi ya bakteria kriatini si sumu, ni chakula.

Wanaila vipi? Bakteria wenye kimeng'enya kinachofaa wanaikata vipande viwili. Kimoja ni urea, ileile ya kwenye mkojo, na kingine kinaitwa sakosini. Vyote viwili vinaweza kuvunjwa zaidi. Katika njia hizo za kuvunja kuna wanaotaja metilamini na fomalini, na hapo ndipo watu walipata woga kwamba unga unageuka sumu tumboni. Mwaka 2005 Poortmans na wenzake wa Ubelgiji walipima. Waliwapa vijana gramu 21 kwa siku kwa siku 14, dozi kubwa kweli. Vitu hivyo viliongezeka kwenye mkojo, ila vikabaki ndani ya viwango vya kawaida vya mtu mwenye afya, na vipimo vya figo havikubadilika. Na hiyo ni mara nne ya gramu 5 ambazo mtu wa kawaida anatumia.

Sasa unganisha na tulichosema kuhusu kunyonywa. Bakteria wengi wako utumbo mpana, mwisho wa safari. Gramu 3 zilizoyeyuka vizuri zinanyonywa juu, wao wanabakiwa na makombo. Gramu 20 za mkupuo zinawafikia kwa wingi pamoja na maji mengi. Kwa hiyo swali la "kriatini inafanya nini kwa bakteria" halina jibu moja. Linategemea ni kiasi gani kinawafikia, na hiyo inategemea unavyokunywa.

Kuna njia nyingine, na hii inanivutia zaidi. Bakteria wa utumbo mpana wakila nyuzinyuzi za chakula wanatengeneza asidi inayoitwa butirati. Seli za ukuta wa utumbo mpana zinaipenda sana, ndiyo kuni yao kuu. Zikiichoma zinatumia oksijeni nyingi, oksijeni inashuka, na ile HIF inabaki imewaka. Hili la butirati na HIF limeonyeshwa mwaka 2015 na kundi lilelile la Colgan. Na tumeona HIF ndiyo inayoamrisha vimeng'enya vya kriatini. Ukiziweka pamoja, bakteria wanaokula nyuzinyuzi wanasaidia utumbo wako utumie vizuri kriatini ambayo tayari unayo. Kila pingu ya mnyororo imeonyeshwa peke yake. Mnyororo mzima kwa mtu anayekunywa unga ni jambo la kukisia. Lakini kama lengo lako ni utumbo, dona, maharage, kunde na mboga za majani zina nafasi kwenye hadithi hii, na ni bei rahisi kuliko kopo.

KAMA UNATUMIA, TUMIA HIVI

Huna lazima ya kujaza kwa gramu 20. Hultman na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba gramu 3 kwa siku kwa siku 28 zinaifikisha misuli karibu palepale ambapo gramu 20 kwa siku 6 zinaifikisha. Tofauti ni subira tu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 3 mpaka 5 hivi. Kile kijiko cha ndani ya kopo soma kimeandikwa gramu ngapi, vinatofautiana.

Gramu 3 zinahitaji angalau mililita 220 za maji ya vuguvugu ili ziyeyuke, gramu 5 kama mililita 350. Koroga mpaka usione mchanga chini. Ukiona mchanga, ongeza maji, usiubugie. Maji yawe yamechemshwa au ya chupa, maana ukichanganya na maji ya bomba machafu ukaharisha utamsingizia kriatini bure. Kunywa pamoja na chakula kama tumbo lako ni jepesi.

UTAJUAJE KAMA NI UNGA AU NI UGONJWA

Tumbo la unga lina tabia yake. Linakuja saa chache baada ya dozi, hasa kubwa. Ni majimaji, gesi na kusokota, bila damu na bila homa, na siku hiyohiyo au kesho yake limetulia. Jaribu hivi: acha siku 4, kisha rudi na gramu 2 au 3 kwenye maji mengi. Likitulia ukiacha na likabaki limetulia kwenye dozi ndogo, ilikuwa dozi. Likirudi hata kwenye gramu 2, angalia kilichochanganywa. Makopo mengi yana protini ya maziwa, na wengi wetu ukubwani hatumeng'enyi vizuri sukari ya maziwa. Mengine yana sukari bandia kama sobitoli, ambayo nayo inaendesha, au kafeini nyingi.

Damu kwenye choo, homa, kuamshwa usiku na kuharisha, kupungua uzito bila kutaka, au kuharisha kunakopita wiki mbili, hiyo si kriatini. Kwetu huku inaweza kuwa amiba, taifodi, minyoo au mengine, na pia inaweza kuwa yale magonjwa ya kuvimba utumbo niliyoyataja. Nenda kapimwe choo na damu. Usiache unga tu ukasubiri, na usiongeze unga ukidhani utaponya.

MASWALI YANAYORUDI

Nina vidonda vya tumbo, kriatini itanisaidia? Utafiti niliouelezea hapo juu unahusu zaidi utumbo mpana. Vidonda vya tumbo vingi vinaletwa na bakteria anayeitwa Helikobakta pilori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Bakteria huyo anapimwa na ana dawa zake. Kriatini haimuui.

Ninatumia dawa za ugonjwa wa Crohn, niache nihamie kriatini? Hapana kabisa. Ukitaka kuijaribu juu ya dawa zako, daktari wako ajue kwanza, hasa kwa sababu itavuruga kusoma kipimo chako cha figo.

Kriatini za bei ghali zinazodai haziumizi tumbo ni bora? Baadhi zinayeyuka kirahisi zaidi, na hilo ni kweli. Lakini majaribio yote niliyoyasimulia ya panya na ya watu hayakuhitaji mbwembwe hizo. Maji ya kutosha na kijiko kidogo vinafanya kazi hiyohiyo.

Mwenye swali au mwenye uzoefu aandike kwenye maoni, ila taja dozi yako kwa gramu, maji kiasi gani, na kama kopo lina vitu vingine ndani. "Iliniendesha" peke yake haitufundishi kitu.